Muuguzi wa 2021

Wasifukazi wangu wa kwanza niliupeleka kwa wakala wa ajira Agosti 2021. Julai ya mwaka ule Kenya na Uingereza zilikuwa zimetia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wetu huko, na wodini haikupita zamu bila mtu kulitaja jambo hilo. Tulilizungumza tukibadilisha mashuka, tukalizungumza tukisubiri gari la wagonjwa litoke Mwatate. Wakala mmoja wa Mombasa alikuwa akikusanya majina, nami nikaandika kurasa mbili nikazituma: muuguzi mwenye stashahada, wodi ya uzazi, hospitali ya umma katika Kaunti ya Taita Taveta, kazini tangu Aprili 2015. Kabla mwaka haujaisha Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akasema hadharani kwamba katika wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza walifaulu 10 tu, na yale mazungumzo ya wodini yakapoa. Wakala hakuniandikia tena, nami sikumwandikia. Nilidhani karatasi ile imekwisha kazi yake, kama zinavyokwisha barua nyingi zisizojibiwa.

Nimechelewa sana kuelewa kwamba wasifukazi ulioko kwa wakala hauishi hivyo. Unaingizwa kwenye hifadhi yake ya majina, unapangwa kwa taaluma na kwa miaka ya kazi, na siku mwajiri akiomba wakunga watano, jina lako linaibuka likiwa vilevile lilivyokuwa siku ulipoliacha. Wakati mimi nilikuwa nikisoma usiku, nikifanya mitihani, nikizeeka kidogo, muuguzi wa 2021 alikuwa Mombasa akiendelea kuomba kazi kwa niaba yangu.

Nilisoma shahada ya uuguzi ile ya watu wenye stashahada, ambayo mtu huisoma huku anaendelea kuajiriwa. Walioipitia wanajua jinsi inavyokula likizo zote na nusu ya mshahara. Mahafali yalikuwa Desemba 2023. Mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya ukafuata, na 2024 Baraza likanisajili kama muuguzi wa shahada. Lakini kazini niliendelea kuwa yule yule. Watu wengi nje ya kazi yetu hawalijui hili: shahada yenyewe haimbadilishi muuguzi cheo. Unapeleka vyeti masjala, unaomba kubadilishiwa wadhifa, na unangoja kaunti ipate nafasi na bajeti. Unapongoja unafanya kazi ya shahada kwa daraja la stashahada. Yangu ilikuja 2025. Barua iliandikwa tarehe 18 Agosti, na ndani yake ikasema kwamba wadhifa mpya, Afisa Muuguzi, daraja K, unaanza tarehe 1 Julai.

Jumamosi iliyofuata nilipanda nyumbani Mghange na barua ile kwenye mkoba. Wanaoijua njia wanajua jinsi mtu anavyotoka kwenye joto la Voi akifika juu, karibu na Vuria, akawa anatafuta sweta. Mama aliishika barua kwa mikono miwili, akaniuliza maana ya K. Nikamweleza madaraja: nilianza H, nikaenda J 2018, sasa K. Akasema, "Basi waandikie wale watu wa Mombasa, wajue." Mimi nilikuwa nimewasahau. Yeye hakuwasahau, kwa sababu kwake mtu aliyepewa jina la mwanawe ni mtu wa kufuatiliwa.

Kwanza nilitazama kama wakala yule bado yupo kisheria. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huchapisha orodha ya mawakala wenye leseni, na leseni hizo zina mwisho, kwa hiyo aliyekuwa halali 2021 huenda leo si halali. Alikuwemo. Kisha, Septemba ilipoanza, usiku mmoja nikafungua faili la zamani nikaanza kulirekebisha.

Ninataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na jambo lenyewe lilionekana dogo sana. Nilifanya kile ambacho nadhani wengi hufanya. Chini ya jina langu, palipoandikwa muuguzi wa stashahada, nikaandika Afisa Muuguzi, shahada. Katika elimu nikaongeza mstari mmoja juu. Katika kazi, ambapo pameandikwa "Aprili 2015 hadi sasa", nikabadili cheo tu, tarehe nikaziacha. Ukiisoma karatasi, unaona mwanamke ambaye ni Afisa Muuguzi tangu Aprili 2015, mwenye uzoefu wa miaka kumi katika cheo hicho. Sikuongeza hospitali, sikuzua wodi, sikubadili tarehe hata moja. Kila neno lilikuwa na ukweli wake likisimama peke yake. Yalipounganishwa yalisema jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Siku chache baada ya kuituma, dada mmoja wa ofisi ya wakala akanipigia. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Alizungumza kwa upole, kwa Kiswahili cha Mombasa ambacho hakina haraka.

"Dada yangu, nimeipata mpya. Lakini ile ya zamani ilishakwenda. Kuna hospitali Saudia tuliwapelekea majina mwezi wa tano, na lako lilikuwamo. Sasa wana karatasi mbili. Moja inasema stashahada, nyingine inasema afisa tangu 2015. Wakiniuliza, niwaambie ipi ndiyo wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamrudia jioni. Nililala mchana ule, au nilijaribu, na swali lile likawa linanirudia. Kwa haraka ningesema ile mpya ndiyo mimi. Lakini ikiwa ile mpya ndiyo mimi, ni nani aliyezalisha wale wanawake wote wa miaka tisa? Na ikiwa ile ya zamani ndiyo mimi, nilikuwa nikisoma usiku kwa ajili ya nani?

Jioni alinieleza mambo ambayo ningeyajua mapema ningekuwa nimeuliza. Saudia, Tume ya Taaluma za Afya ya huko humpanga muuguzi kwa cheti chake. Mwenye stashahada huwekwa katika kundi la mafundi, mwenye shahada katika kundi la wataalamu. Hayo ni makundi mawili yenye mishahara tofauti, leseni tofauti na majukumu tofauti wodini. Kwa hiyo jina langu lilikuwa limeingia katika orodha ya kundi la kwanza, na karatasi yangu mpya ilikuwa ikijaribu kulihamisha hadi la pili bila mtu kujua lini nimevuka. Na mwajiri yule, akasema, uzoefu wa kundi la wataalamu anauhesabu kuanzia siku mtu aliposajiliwa kwa shahada.

"Kwa hiyo miaka yangu yote ya nyuma haihesabiwi?" nikamuuliza.

"Inahesabiwa, dada. Inahesabiwa kwa jina lake. Usiipe jina jingine tu."

Akaendelea. Kabla ya leseni, vyeti hukaguliwa chanzoni. Kampuni inayofanya kazi hiyo, DataFlow, haitazami karatasi uliyoituma ikaridhika nayo. Huandikia chuo kilichotoa shahada, huandikia Baraza, huandikia mwajiri na kumuuliza: mtu huyu alianza lini, kwa wadhifa gani, na uliisha lini? Anayejibu ni karani wa masjala, na karani hajibu kwa kukumbuka. Hufungua faili. Katika faili langu kuna barua ya kuajiriwa ya Aprili 2015 inayosema Muuguzi Msajiliwa wa Afya ya Jamii, daraja H. Hakuna afisa pale. Jibu lake na karatasi yangu vingegongana, na mgongano huo hauandikwi kwamba mwombaji alikosea kupanga mistari. Unaandikwa kwamba maelezo hayakuthibitishwa, na maandishi hayo hubaki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya tarehe. Sikuwahi kuona kwamba jambo moja lililonitokea, kuwa muuguzi wa shahada, lina siku tatu tofauti, na kila siku ina mwenyewe. Chuo kinasema Desemba 2023, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe ya cheti. Baraza linasema 2024, siku ya usajili, na kabla ya siku hiyo hakuna hospitali inayoweza kuniita muuguzi wa shahada hata nikivaa joho kila asubuhi. Kaunti inasema 1 Julai 2025. Tena kuna siku ya nne isiyo na maana kwa yeyote ila kwangu, ile 18 Agosti ya barua kuandikwa, ambayo ndiyo niliyoitia moyoni kwa kuwa ndiyo niliyoisherehekea. Nilipokuwa ninaandika karatasi ya pili nusura niiweke hiyo. Barua ya kupandishwa au kubadilishiwa wadhifa ina tarehe juu na ina tarehe ndani, na inayokwenda kwenye wasifukazi ni ile ya ndani, siku wadhifa unapoanza, kwa sababu ndiyo masjala wataisoma.

Wenzangu wengine wana ugumu zaidi. Wapo wanaokaimu. Mtu anakaimu usimamizi wa wodi, anabeba funguo, anapanga zamu, anakwenda mikutanoni, na kwenye karatasi anaandika Muuguzi Msimamizi bila kuandika "kaimu". Ninamwelewa. Kazi anayoifanya ni ile ile, usiku wake wa kukosa usingizi ni ule ule. Lakini faili lake linasema kaimu, na neno hilo moja likikosekana, yote mazuri yaliyo chini yake yanaanza kutiliwa shaka. Vivyo hivyo kwa aliyemaliza mitihani na bado hajahitimu. Anaweza kuandika kwamba amemaliza, anangoja mahafali ya mwezi fulani, na akaambatanisha nakala ya matokeo. Hiyo ni hali kamili inayojitosheleza. Sijui kwa nini tunaiona kama upungufu wa kufichwa.

Basi nikaandika upya. Badala ya mstari mmoja wa kazi nikaweka mitatu, wa karibuni juu:

Afisa Muuguzi, daraja K, Julai 2025 hadi sasa.
Muuguzi Msajiliwa wa Afya ya Jamii, daraja J, 2018 hadi Juni 2025.
Muuguzi Msajiliwa wa Afya ya Jamii, daraja H, Aprili 2015 hadi 2018.

Mwajiri ni yule yule katika yote, kwa hiyo nikaandika jina la hospitali mara moja juu ya mistari yote, ili asiyejua asidhani nilikuwa nikihama hama. Kisha nikatenga usajili na elimu. Mwanzo nilikuwa nimevichanganya, kana kwamba cheti cha chuo na leseni ya Baraza ni kitu kimoja. Cheti kinasema ulisoma. Leseni inasema unaruhusiwa kugusa mgonjwa, na ina tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo nayo nikaiandika.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni mistari ya chini ya kila wadhifa, ile inayosema mtu alifanya nini. Nilipoivunja kazi yangu vipande vitatu ilinibidi niseme nini kilikuwa cha kipande gani, na hapo ndipo nilipokutana na shaka ambayo bado ninayo. Nilikuwa nimeandika chini ya wadhifa mpya: kuzuia na kutibu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Nikakitazama kile kifungu. Nilijifunza lini hayo? Sindano ya oksitosini, yunti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Kisha kuitoa kondo kwa kuvuta kamba taratibu, mkono mwingine ukiuzuia mfuko wa uzazi usishuke. Kisha kuupapasa mfuko ujikaze. Na kama haukazi na damu inakuja, kuita watu, kuweka laini mbili za maji, kutoa mkojo, kutazama kama kuna kipande cha kondo kilichobaki au pamechanika. Mikono yangu iliyajua haya nikiwa daraja H, usiku, nikiwa peke yangu na msaidizi mmoja. Shahada haikunifundisha. Ilinifundisha mambo mengine, tena ya thamani: kusoma utafiti na kujua kama una uzito, kuandika mwongozo wa wodi, kuhesabu vifo na waliokaribia kufa na kuuliza kwa nini. Nilipoanza kufanya kikao cha kupitia kila tukio la damu nyingi wodini, hiyo ilikuwa shahada. Ile sindano ilikuwa stashahada.

Nikaihamisha ile mistari, nikairudisha chini kwenye miaka yake. Nikaona juu pamebaki pembamba, miezi michache na mambo matatu. Chini pamejaa. Nilikaa nikiitazama karatasi hiyo nikaumia kidogo, kwa sababu ilikuwa inamwambia mgeni kwamba mtaalamu mliyemtaka ni mchanga, na fundi mliyekuwa naye ni mzoefu. Bado sina hakika kama mgeni ataisoma hivyo, au ataiona ilivyo, kwamba ni mikono ile ile. Wasifukazi hauna pa kuandika hilo. Nilijaribu kuliandika katika ile aya fupi ya juu, nikafuta mara kadhaa, mwishowe nikaacha sentensi moja: mkunga mwenye uzoefu wa miaka kumi ya uzazi, aliyesajiliwa kwa shahada tangu 2024. Miaka kumi ikaambatana na ukunga, 2024 ikaambatana na shahada. Kila namba ikakaa na mwenyewe. Sijui kama ni sentensi nzuri. Ni ya kweli, na karani yeyote akifungua faili lolote ataikuta.

Mama alinisikiliza nilipomsimulia haya jikoni. Hasomi Kiingereza, lakini anajua sana kuuliza.

"Kwa hiyo, mwanangu, ile karatasi ya kwanza ilikuwa ya uongo?"

"La, mama. Ilikuwa kweli wakati ule."

"Na hii?"

"Hii ni kweli sasa."

Akanyamaza akigeuza sufuria, kisha akasema, "Basi waambie hivyo. Usiwaache wachague."

Nadhani hilo ndilo lililokuwa limekosekana katika barua pepe yangu ya kwanza. Nilikuwa nimetuma kiambatisho na maneno mawili, "Wasifukazi mpya", katika barua mpya kabisa isiyo na uhusiano na ile ya 2021. Yeye alipoifungua hakuwa na njia ya kujua kama hii inachukua nafasi ya ile, au ni ya kazi nyingine, au hata ni ya mtu mwingine mwenye jina kama langu. Mara ya pili niliitafuta barua ya zamani, nikajibu juu yake, ili historia yote ibaki mahali pamoja. Faili nikalipa jina linalosema lenyewe lini limeandikwa, badala ya yale majina yetu ya "mpya", "mpya kabisa" na "ya mwisho":

```
JinaLangu_CV_Muuguzi_2025-09.pdf
```

Barua niliiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ingefika hadi kwa mwajiri, lakini maana yake ilikuwa hii:

"Naomba wasifukazi huu uchukue nafasi ya ule niliotuma Agosti 2021 na ule wa mapema mwezi huu. Yaliyobadilika tangu 2021 ni matatu: nilihitimu shahada ya uuguzi Desemba 2023, nilisajiliwa na Baraza kwa shahada mwaka 2024, nilibadilishiwa wadhifa kuwa Afisa Muuguzi kuanzia 1 Julai 2025. Tarehe ya kuajiriwa na mwajiri havijabadilika. Katika nakala ya mapema mwezi huu cheo kipya kilionekana kana kwamba ni cha tangu 2015, tafadhali isitumike. Naomba unijulishe ni waajiri gani walikwisha kupelekewa nakala za awali, ili nao wapate hii."

Ile sentensi ya nakala ya mapema mwezi huu niliiandika, nikaitoa, nikairudisha. Kuitoa kungenipa sura nzuri zaidi. Lakini nilijiweka mahali pa yule dada. Ana faili mbili zenye tarehe karibu moja, na bila sentensi hiyo angelazimika kuzilinganisha mstari kwa mstari kutafuta tofauti, au asizilinganishe kabisa akatuma yoyote.

Kuhusu sentensi ya mwisho, ya kuuliza nani amepelekewa, kwanza niliona kama ni ujasiri uliopita mpaka. Mtu anayetafuta kazi hujiona mdogo mbele ya anayeitoa. Mpwa wangu anayesomea sheria ndiye aliyeniambia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, na ya kutaka zisahihishwe zikiwa si sahihi au zinapotosha. Karatasi yangu ya zamani haikuwa ya uongo, lakini iliyopitwa na wakati inapotosha. Niliuliza kwa heshima na nikajibiwa kwa heshima: ni hospitali moja tu, na nakala mpya itapelekwa pamoja na maelezo yangu.

Kulikuwa na suala la vithibitisho pia. Nilikuwa tayari kuambatanisha kila kitu, barua ya kaunti, vyeti, leseni, kitambulisho. Barua ya kaunti ina namba yangu ya utumishi na mshahara wangu. Nilifikiri kufuta mistari hiyo kabla ya kuipiga picha, nikaogopa, kwa sababu barua rasmi iliyofutwa mahali ni barua inayotiliwa shaka, hata aliyefuta akiwa na sababu njema. Nikaamua niandike tu kwamba ninavyo na nitavitoa wakati wa ukaguzi, nikapeleka cheti cha shahada na leseni peke yake, ambavyo ndivyo vinavyomhamisha mtu kundi. Kama kuna njia bora sijaijua. Mwenzangu mmoja alipeleka vyote siku ya kwanza na hakupata dhara. Mwingine alipeleka vyote kwa mtu ambaye baadaye simu yake haikupatikana tena, na mpaka leo hajui kitambulisho chake kiko kwa nani.

Wiki iliyopita yule dada aliandika tena. Mwajiri amepokea, ameniweka katika kundi la shahada, ngazi ya kuanzia, na anaomba majina ya watu wawili wanaoweza kunishuhudia, mmoja wao awe msimamizi wangu wa sasa.

Msimamizi wangu wa sasa ndiye aliyesukuma faili langu la kubadilishiwa wadhifa. Alikwenda makao makuu ya kaunti kwa ajili yangu na kwa ajili ya wengine, akaketi kwenye benchi za ofisi akingoja. Hajui kwamba mara tu barua ilipotoka niliitumia kuomba kazi ng'ambo. Sioni kama nimemkosea, na sioni pia kama sijamkosea. Wodi yetu ina wakunga wachache kuliko inavyotakiwa, na yeye ndiye anayepanga zamu kwa hao hao wachache. Ninaweza kuandika jina la mkuu wa wodi niliyekuwa naye zamani, naye angekubali, lakini mwajiri amesema wa sasa.

Nimemjibu yule dada kwamba nitaleta majina baada ya Jumatatu. Jumatatu msimamizi wangu yuko zamu ya asubuhi, nami nimeomba kuingia mapema, kabla ya kukabidhiana wodi.